Fremu Zikiongezeka, Makosa Nayo Yakaongezeka

Mtu akilalamika kwamba kompyuta yake inajikokota, ushauri wa kwanza atakaoupata dukani ni kuongeza RAM. Mara nyingi ushauri huo ni sahihi. Lakini mwaka 1969, László Bélády, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM nchini Marekani, alichapisha pamoja na wenzake Nelson na Shedler makala yenye habari ya ajabu: ipo kanuni ya kusimamia kumbukumbu ambayo, ukiipa nafasi zaidi, inaweza kuhangaika kuliko ilivyokuwa mwanzo. Hali hiyo sasa inafundishwa vyuoni kwa jina la Bélády, na mtu anaweza kuithibitisha mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

Programu inapoendeshwa, mfumo wa uendeshaji huikata vipande vya ukubwa sawa viitwavyo kurasa. Katika kompyuta nyingi ukurasa mmoja una baiti 4,096. RAM nayo hugawanywa katika nafasi za ukubwa uleule, ambazo huitwa fremu, na kila fremu hubeba ukurasa mmoja. Kwa kuwa fremu huwa chache kuliko kurasa, kurasa nyingine hubaki kwenye diski. Programu ikihitaji ukurasa usiokuwemo kwenye fremu yoyote, hutokea kile kinachoitwa kosa la ukurasa. Jina hilo lisimtishe mtu, maana hakuna kilichoharibika. Mfumo husimamisha programu kwa muda, huuleta ukurasa kutoka diski, kisha kazi huendelea. Tatizo ni muda. RAM hujibu kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya milioni ya sekunde, ilhali diski ya kuzunguka huhitaji maelfu ya sehemu kama hizo. Ndiyo maana wataalamu huyahesabu makosa hayo kwa makini.

Fremu zote zikijaa na ukurasa mpya ukahitajika, lazima mmoja utolewe. Upi? Kanuni rahisi kuliko zote ni ya foleni, inayojulikana kwa kifupi kama FIFO: uliotangulia kuingia ndio unaotangulia kutoka. Haihitaji kumbukumbu ya ziada wala hesabu, ila orodha ya nani aliingia lini.

Sasa chukua programu yenye kurasa tano, inayoziomba kwa mfuatano huu wa maombi 12:

```
1 2 3 4 1 2 5 1 2 3 4 5
```

Anza na fremu tatu. Kurasa 1, 2 na 3 zinaingia, makosa matatu yasiyoepukika kwa kuwa fremu zilikuwa tupu. Ukurasa 4 unaitoa 1. Mara 1 inaombwa tena, inarudi kwa kuitoa 2. Kisha 2 inaombwa, inarudi kwa kuitoa 3. Inaonekana kama mchezo wa hasara tupu: kila kinachotupwa kinatakiwa dakika hiyohiyo. Ukurasa 5 unaingia kwa kuitoa 4, na hapo fremu zinabeba 1, 2 na 5. Maombi mawili yanayofuata, 1 na 2, yanakuta kurasa zake zipo. Kisha 3 inaitoa 1, 4 inaitoa 2, na ombi la mwisho la 5 linaikuta ipo. Jumla ni makosa 9.

Ongeza fremu ya nne. Kurasa nne za kwanza zinaingia kwa makosa manne. Maombi ya 1 na 2 yanayofuata yanapita bila kosa, na hadi hapo fremu nne zinaongoza: makosa 4 dhidi ya 6. Kisha inaombwa 5. Iliyotangulia kuingia ni 1, kwa hiyo 1 inatoka, na ombi linalofuata ni la 1 hiyohiyo. Inarudi kwa kuitoa 2, na ombi linalofuata ni la 2. Hiyo nayo inarudi kwa kuitoa 3, na 3 ndiyo inayofuata. Mambo yanakwenda hivyo mpaka mwisho: kuanzia 5 ya kwanza, maombi yote sita ni makosa. Jumla ni 10.

Chanzo cha kioja hiki kimo katika yale maombi mawili yaliyopita bila kosa. FIFO huandika muda wa kuingia tu. Ukurasa ukitumiwa tena, nafasi yake kwenye foleni haibadiliki. Penye fremu nne, 1 na 2 zilitumiwa upya, lakini ziliendelea kuhesabiwa kuwa kongwe, zikawa mbele kwenye safu ya kutolewa. Penye fremu tatu, kurasa hizohizo zilikuwa zimetupwa na kurudishwa. Kurudi huko kuligharimu makosa mawili, ila kulizipeleka nyuma ya foleni, na 5 ilipofika zilikuwa salama.

Kinachoonyesha kwamba kuna hatari ni yaliyomo ndani ya fremu. Baada ya 5 kuingia, fremu tatu zinabeba 1, 2 na 5, ilhali fremu nne zinabeba 2, 3, 4 na 5. Ukurasa 1 umo katika kumbukumbu ndogo, lakini haumo katika kubwa. Kama kila wakati kumbukumbu kubwa ingebeba vyote vilivyomo katika ndogo na kimoja zaidi, isingewezekana kamwe ipate makosa mengi zaidi. Mwaka 1970 Mattson na wenzake watatu, nao wakiwa IBM, waliziainisha kanuni zinazotimiza sharti hilo. Mojawapo ni LRU, inayoutoa ukurasa uliokaa muda mrefu zaidi bila kutumiwa. Daima fremu zake hubeba kurasa zilizotumiwa karibuni zaidi, na tatu za karibuni zimo siku zote ndani ya nne za karibuni.

Hata hivyo LRU si mshindi wa kila mahali. Kwa mfuatano uleule, ikiwa na fremu tatu hupata makosa 10, moja zaidi ya FIFO. Ikipewa fremu nne hushuka hadi 8. Inachohakikisha ni kwamba nafasi ya ziada haitaiumiza, basi.

Wala isidhaniwe kwamba FIFO huharibikiwa kila inapoongezewa nafasi. Kwa mfuatano huu, fremu moja na fremu mbili zote huleta makosa 12, tatu huleta 9, nne 10, na tano huleta 5 pekee, kwa sababu kurasa zote zinaenea. Aliyepima fremu mbili, tatu na tano tu angeapa kwamba hakuna kasoro yoyote. Ndiyo maana anayechunguza kanuni ya aina hii hurekodi mfuatano wa maombi ya programu halisi, kisha huupitisha kwenye kila idadi ya fremu bila kuruka hata moja.

Bélády na wenzake walitunga mifuatano ambayo kumbukumbu kubwa hupata karibu maradufu ya makosa ya ile ndogo, wakakisia kwamba haiwezi kuzidi hapo. Kisio hilo lilidumu miaka 41. Mwaka 2010 Péter Fornai na Antal Iványi walithibitisha kwamba uwiano huo hauna kikomo: taja namba yoyote, na upo mfuatano wa maombi utakaoifikia.