Chumvi, kipima unyevu au mashine: ununue nini kabla ya kufunga gunia

Mahindi yaliyopandwa Oktoba au Novemba pembeni ya Kalemie hukomaa Februari na Machi, mvua ikiwa bado haijakatika. Unavuna punje zenye maji, hewa ya ziwani ni nzito, na jua linatoka kwa saa chache tu. Ukikosea siku ya kufunga gunia, utakachofungua Agosti ni ukungu.

Ukungu huo una sumukuvu ndani yake, na kusonga bukari hakuiondoi. Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, na 125 wakafa. Kwa hiyo swali la leo ni dogo na la fedha: utajuaje kwamba mahindi yamekauka, na kujua huko kutakugharimu kiasi gani?

Kwanza jiulize kama utahifadhi kweli. Kama mchuuzi anakuja wiki ijayo na ananunua kwa mizani, usinunue kifaa chochote. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18 ukizianika hadi asilimia 13, zinabaki kilo 94 na kidogo. Zile karibu kilo 6 zilizopotea ni maji, na mchuuzi asiyelipa zaidi kwa mahindi makavu amekufanyisha kazi ya bure. Endelea kusoma kama unataka kuweka magunia hadi bei ipande, au hadi watoto watakapoyahitaji.

Wengi hapa hupima kwa meno. Punje kavu inapasuka kwa sauti, mbichi inabonyea. Meno yanajua mbichi na kavu, lakini hayajui kavu ya kutosha, na hasara iko hapo katikati.

Kipimo cha bei ya chini kuliko vyote ni chumvi. Chukua chupa ya kioo safi yenye kifuniko, iliyokauka kabisa. Kaanga chumvi kidogo kwenye sufuria kavu hadi chembe zake ziachane, kisha uiache ipoe. Jaza mahindi theluthi moja ya chupa, tia vijiko vikubwa viwili au vitatu vya chumvi, funga, tikisa kwa nguvu dakika nzima, halafu iache ikae robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yamezidi asilimia 15 ya unyevu: yarudishe kwenye jua. Ikianguka yote chini na kioo kikabaki kitupu, yako chini ya 15.

Tumia chumvi nyeupe, ndogo na kavu. Ile ya mawe yenye rangi ya kijivu hunyonya maji mapema na itakuambia mahindi ni mabichi wakati si mabichi. Na punje za kupima usichote juu ya rundo peke yake. Chukua katikati na chini, sehemu tatu au nne, uchanganye. Juu ya rundo hukauka kwanza, ndiyo maana panadanganya.

Je, chumvi inatosha? Inategemea utaweka mahindi ndani ya nini. Gunia la kawaida la nailoni linapumua, kwa hiyo mahindi yenye 14 yanaendelea kukauka polepole ghalani, mradi ghala lina upepo. Kwa gunia hilo, chumvi inatosha. Adui wako atakuwa fukusi, na huyo hamalizwi na kifaa cha kupima.

Ukinunua ile mifuko isiyopitisha hewa, hesabu inabadilika. Mifuko hii ina plastiki mbili nene ndani ya gunia la nje. Ukiifunga vizuri, fukusi wanamaliza hewa na kufa wenyewe bila dawa. Katika Afrika Mashariki huuzwa kama dola 2 hadi 3 kila mmoja, na usipotobolewa hudumu misimu miwili au mitatu. Ila mfuko usiotoa hewa hautoi maji pia. Ukiweka mahindi ya asilimia 15 humo, umeyafungia jasho lake, na ukifungua utasikia harufu kama ya pombe. Mfuko huu unataka asilimia 13.5 au chini, kiwango kilekile ambacho Jumuiya ya Afrika Mashariki inakiweka kwa mahindi ya biashara. Chumvi inaishia 15. Pengo hilo la kati ya 15 na 13.5 ndilo unalolipia unaponunua kifaa.

Kifaa chenyewe ni kipima unyevu cha hewa, kile kidogo chenye kioo cha namba ambacho watu huweka sebuleni. Kwa kawaida ni dola 3 hadi 5 kikiwa dukani. Hakigusi maji ya punje moja kwa moja. Kinasoma hewa inayozizunguka. Kiweke ndani ya chupa pana au mfuko wa plastiki unaoonyesha, ujaze mahindi hadi karibu na mdomo, funga kabisa, weka kivulini nusu saa au hadi namba itulie. Ikisoma 65 au chini, mahindi yanaingia kwenye mfuko usiopitisha hewa. Ikisoma 70, bado. Usikiweke juani, kwa sababu plastiki itatoa jasho na namba itakuwa ya uongo. Na mahindi yaliyotoka kwenye turubai yakiwa moto yaache yapoe kwanza.

Ujue vifaa hivi vya bei ndogo hukosea kwa pointi 5 kwa urahisi. Mimi nilinunua kimoja sokoni, cha mshale, kizuri kwa macho. Mvua ikanyesha siku tatu na mshale haukutikisika. Kumbe ulikuwa umebandikwa kama picha ya ukutani. Siku hizi sinunui cha mshale, na cha namba sikiamini kabla ya kukipima nyumbani.

Kukipima kunahitaji chumvi ileile. Jaza kizibo cha soda chumvi, dondoshea matone ya maji hadi iwe kama mchanga uliolowa, isielee. Kiweke na kipima unyevu ndani ya mfuko mmoja, funga bila tundu, acha usiku mzima. Hewa iliyofungiwa na chumvi yenye maji hukaa kwenye 75. Kifaa kikisoma 75 asubuhi, una bahati. Kikisoma 80, andika kwa kalamu mgongoni mwake “toa 5” na ukitumie hivyo siku zote. Kikisoma 90, mrudishie aliyekuuzia. Ndiyo maana kabla ya kulipa umwombe muuzaji siku moja ya kukirudisha. Akikataa, nenda meza ya jirani.

Bei ya mezani si bei yote. Kinatumia betri ndogo kama kifungo cha shati, na zilizokuja ndani huwa nusu mfu. Nunua na za akiba. Ukiagiza kutoka Lubumbashi, au kwa mtu anayevuka na boti kutoka Kigoma, kuna nauli ya mzigo, kuna makato ya kutuma fedha kwa simu, na atakayepokea akitaka kutoa taslimu anakatwa tena. Ukilipa dola za karatasi, iwe noti nzima. Yenye mpasuko mdogo tu itakataliwa. Ukilipa faranga, ulizia kiwango cha siku hiyo kabla ya kutoa mkono mfukoni. Kwa pamoja ongeza dola 2 au 3 juu ya bei uliyoambiwa, na kama kwa hesabu hiyo kifaa kinavuka dola 10, kinunueni watu watatu. Kupima kunachukua nusu saa, hakuna sababu kila nyumba iwe na chake.

Vipi kuhusu ujumbe wa simu wa hali ya hewa? Utabiri wa bure wa kwenye simu ya intaneti uangalie, lakini unasema habari ya eneo kubwa, na wewe uko kati ya ziwa na milima, mahali ambapo mvua inaweza kunyesha Bendera huku mjini ikawa jua kali. Wa kulipia sishauri. Tuseme unakatwa senti 5 za dola kila siku: kwa siku 90 za msimu ni dola 4.50, yaani kifaa kizima, tena unakatwa hata siku usizoanika. Ukijiunga na huduma yoyote, uliza kwanza neno la kujitoa, vinginevyo unite zako zitakuwa zinaliwa hadi mwakani. Badala yake, kile kipima unyevu kitundike barazani, kivulini. Jua likiwa limefichwa na namba iko juu ya 70, kuanika ni kazi bure. Funika mahindi yasinyonye maji uliyokwisha kuyatoa. Jua linapotoka, tandaza. Saa kumi jioni funika, hata kama mbingu ni safi.

Kuna pia mashine ya kupima nafaka yenyewe: unamimina punje, unachagua mahindi, inakupa asilimia. Ya kuaminika ni dola 100 hadi 300. Mkulima mmoja asiinunue. Ushirika wa watu 20 wakitoa dola 10 kila mmoja inawezekana, lakini ugomvi unaanzia kwenye zamu, maana wote wanavuna wiki ileile. Dawa ni kutoizungusha. Mashine ikae kwa mtu mmoja, na kila mmoja alete punje zake katika chupa iliyofungwa vizuri, zisibadilike njiani. Foleni ya chupa inaisha kwa asubuhi moja, mashine haianguki kwenye pikipiki, na hakuna wa kusema aliikuta bila betri. Lipisheni faranga kidogo kwa kila chupa, ziende kwenye betri. Zamu za daftari ziwekeeni turubai, au bashi kama tunavyoiita, na kile chombo cha kupukuchulia, kwa sababu hivyo kila mtu anavihitaji kutwa nzima.

Sasa tuchukue nyumba moja yenye magunia 6 ya kilo 100. Mawili yanauzwa Machi kulipa ada ya shule. Hayo yasipimwe na kitu zaidi ya chumvi. Manne yanangoja Desemba. Mifuko minne kwa dola 3 ni 12, kipima unyevu 5, makato na nauli 3. Jumla 20, yaani dola 5 kwa kila gunia. Kumbuka bei ya gunia Machi na ya Desemba iliyopita. Tofauti ikiwa chini ya dola 5, weka kwenye gunia la kawaida, tumia chumvi, na ule mahindi hayo mapema. Tofauti ikiwa 10 au 15, nunua. Mwaka wa pili hulipi tena isipokuwa betri na mfuko uliotoboka, na tundu unalipata kwa kuupuliza kama puto kabla ya kujaza.

Huna dola 20 mkononi? Nunua mfuko mmoja na kifaa kimoja. Gunia la mbegu na chakula cha watoto liingie humo, mengine yangoje mwakani. Usinunue mifuko miwili ukaacha kifaa.