Unyumba baada ya matibabu ya saratani ya tezi dume na ya titi

Saratani ya tezi dume na saratani ya titi zote huacha alama katika unyumba, lakini haziachi alama moja. Tendo la ndoa linahitaji hamu, ambayo huanzia kwenye ubongo na kuchochewa na homoni. Linahitaji mwitikio wa mwili, yaani uume kusimama na uke kulowana. Linahitaji pia ngozi inayohisi inapoguswa. Kila tiba hugonga mahali pake, na wanandoa wengi huhangaika muda mrefu kwa sababu wanatafuta dawa ya kitu ambacho hakikuharibika, huku kile kilichoharibika kikibaki bila kutajwa.

Katika Kanda ya Ziwa jambo hili lina sura yake. Hospitali ya Bugando, Mwanza, hupokea wagonjwa wa saratani kutoka Geita, Kagera, Mara, Simiyu, Shinyanga na visiwani, na wengi wao hufika ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa. Kwa mwanamume ambaye saratani ya tezi dume imefika kwenye mifupa, kuiondoa tezi yenyewe hakumsaidii tena. Kinachosaidia ni kuzima homoni ya testosteroni, kwa sababu ndiyo inayoilisha saratani hiyo. Njia ni mbili. Kuna sindano ya goserelini, ambayo huchomwa kila baada ya siku 28 au, kwa kipimo kikubwa, kila miezi mitatu, tena kwa maisha yote. Ya pili ni upasuaji mdogo wa kuondoa korodani zote mbili, unaofanyika mara moja tu. Kwa mtu anayetoka Ukerewe au Sengerema, ambaye kila safari ya kliniki ni nauli, malazi na siku za kazi, mara nyingi upasuaji ndio tiba inayowezekana.

Karibu testosteroni yote ya mwanamume hutoka kwenye korodani, hivyo ndani ya siku moja baada ya upasuaji kiwango chake katika damu huporomoka. Maumivu ya mifupa yanaweza kupungua upesi, na hiyo ni faida kubwa. Ila homoni hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwasha hamu. Katika wiki na miezi inayofuata mwanamume huona kwamba hawazi tena tendo la ndoa, hashtuki akiguswa, na uume hausimami hata alfajiri. Misuli hupungua, kitambi huongezeka, matiti yanaweza kujaa kidogo, na joto humpanda ghafla mara kadhaa kwa siku hata akalowa jasho. Joto hilo huja sana usiku. Mume huhamia kwenye mkeka au chumba kingine ili apate hewa, na mke, asipoelezwa, huhesabu kwamba amekataliwa.

Hapa ndipo aibu inapofanya kazi yake. Katika jamii ya wafugaji kama Wasukuma kila mtu anajua maksai ni nini, na mwanamume aliyeondolewa korodani huogopa neno hilo kuliko anavyouogopa ugonjwa wenyewe. Wengine huwaficha wake zao, wakisema wamefanyiwa upasuaji wa ngiri au wa njia ya mkojo. Siri hiyo hugharimu sana, maana mke anayeona mume hamgusi tena na haelewi sababu hujipa sababu yake mwenyewe, na mara nyingi huwa ni kwamba kuna mwanamke mwingine. Ni bora daktari amweleze mke kabla ya fomu ya ridhaa kusainiwa, akiwepo mumewe, kwamba hamu itapungua sana na kwamba inapungua kwa sababu ya tiba. Pale mgonjwa anapohofia sana mwonekano wake, daktari wa upasuaji anaweza kutoa sehemu ya ndani inayotengeneza homoni na kuliacha ganda la korodani, hivyo mfuko haubaki mtupu kabisa.

Jambo linalofuata kwa kawaida ni kutafuta dawa za nguvu za kiume. Sildenafili, kidonge kinachojulikana zaidi, huongeza damu inayoingia uumeni pale mwanamume anapokuwa tayari amesisimka, haiundi msisimko. Aliyeondolewa tezi dume kwa upasuaji au aliyepigwa mionzi huwa bado ana hamu, tatizo lake liko kwenye mishipa ya fahamu na ya damu, na kidonge kinaweza kumfaa, hasa kama mishipa ya fahamu inayopita kando ya tezi haikukatwa. Baada ya upasuaji wa namna hiyo uwezo huweza kuchukua hadi miaka miwili kurudi, na kwa wengine haurudi. Baada ya mionzi mambo huenda kinyume: uwezo hupungua polepole kwa miaka. Lakini kwa mtu aliyezimiwa testosteroni, kidonge mara nyingi hakizai kitu, na akiongeza dozi haongezi chochote isipokuwa maumivu ya kichwa. Anayetumia dawa za nitrati kwa maumivu ya kifua asimeze sildenafili kamwe, kwani shinikizo la damu linaweza kushuka kiasi cha kuua. Hatari nyingine ni unga na vidonge vya mitaani vinavyosifiwa kuongeza homoni. Vikiwa na testosteroni kweli, vinailisha saratani ile ile iliyokatiwa chakula.

Tuchukue mfano wa wanandoa wa aina inayoonekana mara kwa mara katika kliniki za saratani, waliotungwa hapa kwa ajili ya maelezo. Mume ni mvuvi mstaafu wa Ukerewe mwenye umri wa miaka 67, amefanyiwa upasuaji wa korodani miezi mitano iliyopita, na saratani imo kwenye uti wa mgongo wa kiunoni. Mke ana miaka 58. Wanalala vyumba viwili. Yeye hamgusi mkewe akiogopa kuanzisha jambo asiloweza kulimaliza, na mke hamgusi akiogopa kumuumiza na kumwaibisha. Hivyo umepotea pia mkono begani, umepotea hata mzaha wa chakulani.

Kwa wanandoa kama hawa njia inayosaidia ni ile iliyopangwa na watafiti wa Marekani Masters na Johnson na kutangazwa mwaka 1970, na haihitaji kifaa chochote. Hatua ya kwanza ni makubaliano yanayosemwa waziwazi: kwa wiki mbili au tatu zijazo hakutakuwa na kujamiiana, hata hamu ikija. Makubaliano hayo huondoa mtihani, na bila mtihani hofu ya kushindwa hupungua. Kisha mara mbili kwa wiki, wakati ambao mume hajachoka na dawa yake ya maumivu imekwisha kufanya kazi, wanalala pamoja kwa robo saa hivi, kila mmoja akimgusa mwenzake kwa zamu mgongoni, kichwani, mikononi na miguuni. Matiti na sehemu za siri huachwa. Anayeguswa ana kazi moja, kusema panapopendeza na panapouma. Katika wiki zinazofuata huongeza sehemu zilizoachwa, bado bila kulazimisha tendo. Kwa sababu ya mgongo, mume hulala kwa ubavu akiwa na mto kati ya magoti, na mke hamwekei uzito.

Mume asingoje hamu ndipo aanze. Baada ya tiba hii hamu ya ghafla huwa haiji, lakini baadhi ya wanaume hupata raha ikishaanza mikono, na wachache hufika kileleni uume ukiwa laini, kwa kuwa kufika kileleni na kusimama huendeshwa na njia tofauti za mishipa ya fahamu. Shahawa hazitatoka au zitatoka kidogo sana. Mke naye ana mwili wake na anaweza kuridhishwa kwa mkono wa mumewe. Wazee wengi hulisikia hilo kama jambo la kigeni, na mshauri asiwasukume; aseme tu kwamba linawezekana na haliwadhuru. Wapo wanandoa ambao baada ya wiki hizo huamua kuwa kulala kitanda kimoja na kushikana kunawatosha. Hilo ni jibu kamili, mradi limeamuliwa na wote wawili.

Kwa mwanamke aliyeondolewa titi, homoni haizimwi na kisu. Kinachopotea kwanza ni hisia. Ngozi ya kifua upande ule huwa na ganzi, pamoja na kwapa na upande wa ndani wa mkono wa juu, kwa sababu mishipa midogo ya fahamu hukatwa daktari anapotoa tezi za kwapani. Mahali palipokuwa chanzo cha raha panaweza kuwa kimya au pakawasha vibaya, na titi lililobaki likakumbusha lile lililoondoka kila linaposhikwa. Mume hawezi kuyajua haya kwa kukisia, ni lazima aambiwe. Kovu nalo huonwa kwa hatua: mwanamke alitazame kwanza peke yake akioga, aliguse, kisha achague siku ya kumwonyesha mumewe kukiwa na mwanga. Anayetaka kubaki na kanga au sidiria yenye titi la kitambaa wakati wa tendo ana haki hiyo. Jeraha huhitaji wiki kama nne hadi sita kupona, na baada ya hapo mkono wa upande uliopasuliwa usilaliwe wala kubeba uzito wa mwili, hasa ukianza kuvimba.

Shida kubwa zaidi mara nyingi huja na dawa. Dawa za kemikali huweza kuzifunga ovari, na mwanamke wa miaka 38 akajikuta hedhi imekoma, joto linampanda na uke umekauka. Vidonge vya kuzuia homoni, vinavyomezwa miaka mitano hadi kumi, huweza kuendeleza hali hiyo, na vile vinavyozuia kutengenezwa kwa estrojeni hukausha zaidi ya tamoksifeni. Tendo likiuma mara mbili tatu, misuli ya uke hujifunza kujikaza kabla ya kuguswa, na maumivu huongezeka yenyewe. Dawa ya kwanza ni kilainishi cha maji kinachouzwa famasi, kipakwe kingi na kwa wote wawili. Mafuta ya nazi hulainisha, lakini hupasua kondomu za mpira. Krimu yenye estrojeni isitumiwe bila daktari wa saratani kuiruhusu.

Kondomu zina kazi mbili hapa. Dawa za kemikali hutoka kidogo kupitia majimaji ya mwili, hivyo kondomu hutumika kwa siku kadhaa baada ya kila dozi. Pia mimba haitakiwi wakati wa dawa hizo wala wa tamoksifeni, na kukoma kwa hedhi hakuthibitishi kwamba mimba haiwezi kuingia. Aliyeugua saratani ya titi hatumii vidonge, sindano wala vijiti vya uzazi wa mpango, kwa kuwa vina homoni. Kitanzi cha shaba kinafaa. Saratani yenyewe haiambukizwi kwa kujamiiana, na mgonjwa aliyepigwa mionzi ya mashine ya nje habebi mionzi hiyo kurudi nayo kitandani.

Mambo mawili yanamrudisha mgonjwa kliniki bila kungoja tarehe yake. Damu inayotoka ukeni kwa mwanamke anayemeza tamoksifeni na aliyekwisha koma hedhi ihesabiwe kuwa inatokana na tumbo la uzazi mpaka ichunguzwe, isidhaniwe ni mchubuko wa tendo. Na kwa mwanamume mwenye saratani kwenye mifupa, maumivu mapya ya mgongo yakiambatana na miguu kulegea, ganzi kwenye makalio au mkojo kuziba ni dharura ya siku hiyo hiyo, kwani uti wa mgongo ukibanwa kwa muda mrefu nguvu za miguu zinaweza zisirudi.