Hatimiliki, hati miliki au hati milki?

Msomaji mmoja wa Katelembo, Machakos, ameniletea swali linalomkera kila anapochapa matangazo ya kikundi chao cha wanunuzi wa ardhi. Ile karatasi ambayo mtaani twaiita ‘taito’ aiandikeje? Magazetini amekutana na hatimiliki, hati miliki na hati milki. Juzi alitafuta tangazo la zamani kwenye tarakilishi kwa kuandika maneno mawili, hati miliki, akaambiwa halipo. Kumbe lilikuwepo, ila neno liliunganishwa. Mwanachama aliyelihitaji alikuwa amekwisha kwenda zake.

Jibu si kumwambia tu, “Andika hivi.” Heri tuone jinsi uamuzi unavyofikiwa, maana kesho atakwama kwenye neno jingine.

Kwanza, akusanye. Asitegemee kumbukumbu, kwa kuwa jicho hukumbuka kile kinacholikera. Kila akutanapo na neno hilo, anakili sentensi nzima, jina la chapisho, tarehe na ukurasa. Sentensi nzima ni ya lazima, kwa sababu ndiyo itakayomwonyesha kama ana tahajia mbili za neno moja au maneno mawili tofauti. Mathalani, hakimiliki si tahajia nyingine ya hatimiliki. Hiyo ni haki ya mwandishi au msanii juu ya kazi yake. Anayehesabu maneno bila kusoma sentensi atavichanganya vitu hivi viwili. Tena, habari moja ikichapishwa mara tatu, ihesabiwe mara moja. Vinginevyo atakuwa anapima mazoea ya mwandishi mmoja tu.

Pili, apime. Wingi wa matumizi ni ushahidi, lakini peke yake hautoshi, kwani kosa nalo huweza kuenea. Atazame asili: kitenzi ni miliki, na nomino ni milki, yenye asili ya Kiarabu. Kwa hoja hiyo mtu aweza kutetea hati milki. Hata hivyo, Kiswahili kingetarajia kiunganishi hapo, yaani hati ya milki, kama tusemavyo hati ya kiapo.

Sasa tubaki na hatimiliki na hati miliki. Hapa kipo kipimo chepesi: jaribu kupenyeza neno katikati. Twasema “hati yake ya kumiliki shamba”, na sentensi yasimama. Lakini nani husema “hati yake miliki”? Sote twasema “hatimiliki yake”. Vipande ambavyo havikubali kutenganishwa vimekwisha kuwa neno moja. Sikio nalo lathibitisha: mkazo mkuu ni mmoja, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, -li-. Na kwa kuwa hakimiliki huandikwa kwa neno moja, ndugu yake aandikwe vivyo hivyo. Basi uamuzi ni hatimiliki.

Tatu, auandike uamuzi huo kwenye mwongozo wa kikundi, pamoja na sababu yake:

“Hatimiliki (ngeli ya I-ZI): hatimiliki hii, hatimiliki hizi. Si hati miliki, si hati milki. Sababu: haitenganishiki, yafanana na hakimiliki.”

Zile tahajia zilizokataliwa zisifutwe mwongozoni. Ndizo zitakazomsaidia anayetafuta matangazo ya zamani, kwa kuwa atajua atafute kwa maumbo yote matatu.

Lakini ajihadhari na kishawishi cha kuiamuru tarakilishi igeuze kila milki iwe miliki. Atakuwa ameharibu “Milki ya Osmani” na kila mahali ambapo milki ni nomino halali. Abadilishe neno moja moja, akiisoma sentensi.

Mwongozo wa aina hii una mipaka. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, uamuzi ulilenga vitabu vya nchi kadhaa. Mwongozo wa karani wetu watawala matangazo ya kikundi chake tu. Hautawali maneno ya mtu anayenukuliwa, wala majina rasmi.

Hapo ndipo penye hatari zaidi. Machakos ni jina lililotokana na Masaku, kiongozi wa Wakamba, na wenyeji wengi bado huuita mji huo Masaku. Hata hivyo, anayenakili hatimiliki hana ruhusa ya kusahihisha. Jina la mwenye shamba, la mahali na nambari ya kipande aviandike herufi kwa herufi kama vilivyo kwenye hati, hata kama tahajia yamkera. Akiona kosa, alipeleke kwa mwenye hati; asilinyooshe kimyakimya kwa kalamu yake.