Jina Moja, Tamthilia Mbili na Filamu Mbili

Ukiandika “Endless Love” kwenye mtandao ukitafuta tamthilia ya Kituruki ya Kemal na Nihan, utaletewa pia filamu za Kimarekani za 1981 na 2014, na tamthilia ya Kikorea. Jina hilo walilipa wauzaji wa nje; Uturuki iliitwa Kara Sevda, ikaoneshwa kuanzia 2015 hadi 2017.

Anza na mwigizaji. Tafuta Burak Özçivit, fungua orodha ya kazi zake, kisha linganisha mwaka na majina ya wahusika. Ukishaufikia ukurasa wa tamthilia kwenye IMDb, tazama sehemu ya “Also known as”: hapo majina ya kila nchi yamepangwa pamoja na lile la asili.

Sasa tafuta “Kara Sevda 1. Bölüm”, yaani sehemu ya kwanza. Angalizo: Waturuki walirusha sehemu 74, nyingi zikikaribia saa mbili au kuzidi. Matoleo ya nje hukatwa vipande vifupi, hivyo sehemu ya 40 uliyoishia hailingani na ya 40 ya Kituruki. Fuata tukio la mwisho ulilotazama, siyo namba.