Milioni 14 zinapohesabiwa kuwa 9

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi Morogoro, kwa mfano tu. Mauzo ni shilingi 500,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani milioni 13. Mwenye duka anaomba mkopo wa mtaji wa kuzungusha, ile fedha inayokaa ndani ya bidhaa na madeni ya wateja kabla ya kurudi mkononi. Taarifa ya akaunti yake, ambayo ni moja kwa duka na nyumbani, inaonyesha miamala ya kuingiza wastani wa milioni 14 kwa mwezi. Anaona inatosha na kuzidi.

Afisa mikopo anaanza kukata. Milioni 2.5 mwombaji alizihamisha kutoka benki kwenda kwenye simu yake, kisha akazirudisha benki: fedha ileile inahesabiwa mara mbili. Milioni 1.5 ni za kikoba. Milioni moja imetoka kwa ndugu. Zinabaki 9. Mauzo halisi ni 13, lakini milioni 4 za taslimu zilikwenda moja kwa moja kwa wauzaji wa jumla au jikoni bila kupita benki, na afisa hawezi kuhesabu asichokiona. Kwa hiyo kuchanganya kunamwumiza mwombaji mara mbili: kunaongeza fedha zisizo za biashara na kunaficha zilizo zake.

Tofauti hiyo ya milioni 4 inaamua kila kitu. Tukichukulia faida ghafi ya asilimia 20, mauzo ya milioni 9 yanaacha 1,800,000. Toa pango, mishahara, umeme na kodi, jumla 1,200,000, inabaki 600,000, wakati nyumba inatumia 700,000. Kwenye karatasi, duka limeshindwa kumlisha mwenyewe. Kwa mauzo ya milioni 13, hesabu ileile inaacha 700,000 baada ya matumizi ya nyumbani.

Dawa ya kwanza haina gharama kubwa: akaunti ya duka peke yake, Lipa Namba inayoingiza humo, taslimu yote kuwekwa benki kabla ya kutumika, na mwenye duka kujilipa 700,000 mara moja kwa mwezi kama mshahara. Benki huangalia miezi kadhaa, mara nyingi sita au zaidi, kwa hiyo taarifa safi haitengenezwi wiki ya kuomba.

Upande wa madeni ni mgumu zaidi, na hapa ushauri mwingi unapotosha. Kusajili jina la biashara BRELA hakumtenganishi mtu na deni lake. Jina hilo si mtu mwingine kisheria. Mwenye duka na duka ni mdaiwa mmoja. Kampuni yenye ukomo wa dhima ni mtu tofauti, lakini kwa kampuni ndogo benki kwa kawaida hudai dhamana binafsi ya wakurugenzi. Taasisi za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu huonyesha pia mikopo ya mtu binafsi, na ile ya simu inayocheleweshwa inaweza kuwemo.

Tuseme analipa rejesho la 300,000 kwa mwezi la mkopo binafsi. Tuchukulie pia benki inataka kila shilingi ya rejesho ilindwe na shilingi 1.25 ya kipato. Kipato cha 700,000 kinachobaki baada ya matumizi ya nyumbani kinabeba marejesho ya 560,000. Ukitoa 300,000, mkopo mpya unabakiwa na 260,000. Kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka kwenye salio linalopungua, miezi 12, huo ni mkopo wa takriban milioni 2.8. Akimaliza kwanza deni binafsi, anafikia milioni 6.1.

Je, anahitaji kiasi gani? Bidhaa zinakaa siku 40 za kazi dukani, malipo ya wateja, kwa sababu ya mafundi wanaokopa, huja kwa wastani baada ya siku 10, na muuzaji wa jumla anampa mali kauli kwa siku 15. Fedha inazuiliwa siku 35. Kila siku bidhaa zinamgharimu 400,000, hivyo anahitaji milioni 14. Mtaji wake mwenyewe ni milioni 9. Pengo ni milioni 5. Milioni 2.8 haizibi, 6.1 inaziba.

Tarakimu ninayoitilia shaka ni ile ya siku 40. Ni wastani, na wastani huficha. Saruji huenda inatoka ndani ya wiki, huku rangi na vigae vya mtindo uliopita vimekaa miezi. Akiviuza hata bila faida na asiviagize tena, bidhaa zikashuka hadi siku 28, siku 12 zinazookolewa ni milioni 4.8. Pengo linabaki 200,000, ambalo halihitaji benki.