Pampu ya kijiji: stata laini au draivu?

Ukipita katika vijiji vya Karatu utaona nyumba ndogo ya matofali karibu na kisima kirefu. Ndani yake kuna sanduku la umeme. Pampu yenyewe huioni. Imezamishwa chini kabisa kisimani pamoja na mota yake. Inasukuma maji hadi kwenye tangi lililojengwa kilimani. Kutoka kwenye tangi maji yanateremka yenyewe mpaka kwenye vilula.

Siku moja sanduku lile linaungua, au mota inakufa. Fundi anaitwa. Anaiambia kamati ya maji: "Ndugu zangu, mnaweza kufunga softi stata, au mnaweza kufunga draivu. Chagueni." Wajumbe wanatazamana. Mmoja anauliza, "Fundi, kipi ni kizuri zaidi?"

Swali hilo halina jibu moja. Vyombo hivi viwili vinafanya kazi tofauti. Kamati ikinunua kisichofaa, fedha za wananchi zimepotea. Hebu tuone tofauti yake.

Kwa nini mota isiwashwe moja kwa moja?

Fikiria mkokoteni wa punda uliojaa mahindi. Punda anatumia nguvu nyingi sana kuuondoa mahali uliposimama. Ukishaanza kwenda, nguvu inayohitajika inapungua. Mota nayo ni hivyo hivyo.

Tuchukue mfano wa mota ya kilowati 15, ya umeme wa fezi tatu. Ikiwa inafanya kazi yake kama kawaida, inavuta umeme wa ampea 30 hivi. Lakini ukiiwasha moja kwa moja, kwa muda mfupi inaweza kuvuta mara sita ya hapo, yaani ampea 180. Kama kijiji kiko mwisho wa laini ndefu ya TANESCO, taa za majirani zitafifia. Volti zikishuka mno, mota inashindwa kuondoka, inanguruma na kupata moto.

Maji nayo yanashtuka. Yanasukumwa ghafla ndani ya bomba, na pampu ikizimwa ghafla yanarudi kwa kishindo. Vali ya kuzuia maji yasirudi inajifunga kwa nguvu. Utasikia "paa!" kama mtu amepiga bomba kwa nyundo. Kishindo hicho kikirudiwa kila siku, maungio ya bomba yanalegea na bomba linapasuka.

Stata laini inafanya nini?

Softi stata tutaiita stata laini. Kazi yake ni kuwasha na kuzima tu. Mwanzoni inaipa mota volti chache, kisha inaziongeza mpaka zitimie. Kwa mota ya mfano wetu, umeme wa kuwashia unashuka kutoka ampea 180 hadi 90 au 100 hivi. Mota ikishafika kasi yake, stata laini haina kazi tena hadi wakati wa kuzima. Mota inazunguka kwa kasi ile ile moja saa zote.

Kwa mota ya kisimani kuna jambo la kuangalia. Uzito wa pampu unabebwa na beringi iliyo chini ya mota, na beringi hiyo inalainishwa na majimaji yaliyo ndani ya mota. Ikizunguka polepole mno, majimaji hayo hayatandazi vizuri, na beringi inasagika. Kwa hiyo, stata laini ipangwe ili mota ifike kasi yake ndani ya sekunde 3 hivi. Fundi aliyezoea mashine za kusaga anaweza kuweka sekunde 15 akidhani anaitunza mota. Kumbe anaiua.

Draivu inafanya nini?

Draivu ina majina mengi. Wengine huiita inveta, na kwenye boksi lake huandikwa VFD. Hii haiishii kwenye kuwasha. Inaiongoza mota safari nzima.

Umeme wa TANESCO unapiga mapigo 50 kwa sekunde. Kwenye kibati cha mota yameandikwa 50 Hz. Kasi ya mota inafuata mapigo hayo. Draivu inaweza kuyabadili. Ukiiambia 45, mota inapunguza mwendo. Ukiiambia 50, inarudi kwenye kasi kamili. Wakati wa kuwasha, draivu inaanza na mapigo machache na kupanda, kwa hiyo umeme wa kuwashia hauzidi sana ule wa kazi ya kawaida. Hapo inaishinda stata laini.

Wauzaji husema, "Ukipunguza kasi utaokoa umeme." Mara nyingine ni kweli. Lakini kwa pampu ya kisima kirefu inayopandisha maji mlimani, maneno hayo yanaweza kukupoteza. Tufanye hesabu.

Hesabu ya mlima

Tuseme maji yako mita 90 chini ya ardhi pampu inapofanya kazi. Tangi liko mita 60 juu ya mdomo wa kisima. Jumla, maji yanapanda mita 150. Maji yakisuguana na kuta za bomba, nguvu nyingine inapotea, sawa na kupanda mita 15 zaidi. Kwa hiyo pampu inafanya kazi ya mita 165.

Tuseme pia kwamba pampu hii, kwa kasi kamili, mwisho wa uwezo wake wa kupandisha maji ni mita 220. Hapo haitoi tena hata tone.

Sasa fundi anashusha mapigo kutoka 50 hadi 40. Kasi imekuwa sehemu 8 kati ya 10. Je, uwezo wa kupandisha nao utakuwa sehemu 8 kati ya 10? Hapana. Unazidisha 8 kwa 8, unapata 64. Uwezo umebaki sehemu 64 kati ya 100. Na sehemu 64 kati ya 100 za mita 220 ni mita 141 hivi.

Tangi linataka mita 150. Pampu inafikia 141. Maji yatasimama ndani ya bomba, mota itaendelea kuzunguka, Luku itaendelea kula, na hakuna hata ndoo moja itakayofika tangini. Tena mota ya kisimani hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake. Maji yasipopita, inapata joto na kuungua.

Ukiweka mapigo 45, uwezo unakuwa mita 178. Maji yatapanda, lakini kidogo kuliko kwanza, na itabidi pampu ifanye kazi saa nyingi zaidi. Utakachookoa ni sehemu ya zile mita 15 za msuguano tu. Mita 150 za mlima hazipungui kwa draivu yoyote. Na draivu yenyewe inakula umeme kidogo kila saa.

Basi, kwa kijiji hiki chenye tangi kilimani, umeme mzuri wa fezi tatu na kisima chenye maji ya kutosha, stata laini inatosha.

Draivu inafaa wapi?

Inafaa pale kasi inapohitaji kubadilika kweli. Tazama mahali pasipo na tangi la juu, ambapo pampu inasukuma maji moja kwa moja hadi kwenye mabomba ya nyumba. Asubuhi watu wengi wanafungua maji, mchana wachache. Draivu inasoma msukumo wa maji ndani ya bomba, na inaongeza au kupunguza kasi. Hapo inaokoa umeme na mabomba pia.

Inafaa kwa pampu ya fezi tatu inayoendeshwa kwa umeme wa jua, maana jua la asubuhi si sawa na la adhuhuri. Inafaa pia penye laini ya fezi moja tu wakati mota ni ya fezi tatu. Zipo draivu zinazopokea fezi moja na kutoa tatu, ila ni lazima ziwe kubwa kuliko kawaida. Na kisima kikiwa na maji machache, draivu inaweza kupunguza kasi kidogo ili pampu isinyonye hewa, mradi tu maji yaendelee kufika tangini.

Lakini draivu ina masharti yake. Kwanza, mota ya kisimani isiendeshwe chini ya mapigo 30, na iyafikie hayo 30 ndani ya sekunde moja hivi, kwa sababu ya ile beringi. Pili, draivu inatoa umeme wa kukatakata. Ukipita kwenye waya mrefu wa kisimani, unafika chini ukiwa na volti za kuruka juu sana, na hizo hutoboa polepole kinga ya waya za mota. Dawa yake ni chujio la umeme linalofungwa kati ya draivu na waya wa kisimani. Muuzaji akikutajia bei, muulize, "Je, bei hii ni pamoja na chujio?"

Tatu ni mwinuko wa nchi. Draivu hupozwa na hewa, na hewa ya juu ni nyepesi. Kwa draivu nyingi, kila mita 100 juu ya mita 1,000 hupunguza uwezo kwa sehemu 1 kati ya 100. Mji wa Karatu uko kama mita 1,500, basi punguza sehemu 5. Kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kama mita 2,300, punguza sehemu 13. Mota ya ampea 30 huko juu inataka draivu ya ampea 35. Soma ampea za kwenye kibati, usinunue kwa kufuata kilowati peke yake. Stata laini nayo ina kanuni ya namna hii katika kitabu chake.

Nne, vumbi la Karatu. Feni ya draivu ikiziba, draivu inapata joto na kujizima yenyewe, hasa mchana. Mkiona inazima mchana na kufanya kazi vizuri usiku, angalieni feni kabla ya kulaumu mota.

Kumbukeni jambo moja zaidi. Umeme wa TANESCO ukikatika ghafla, stata laini haiwezi kuzima pampu taratibu, wala draivu haiwezi. Kishindo cha maji kitakuwepo. Kwa hiyo vali za bomba zitunzwe, chochote mtakachonunua.

Maswali ya kujadiliana

1. Maji yenu yanapanda mita ngapi kutoka kisimani hadi tangini? Kama hamjui, ulizeni katika chombo chenu cha watoa huduma ya maji, au ofisi ya RUWASA ya wilaya.

2. Mwisho wa uwezo wa pampu yenu ni mita ngapi? Zidisheni kwa 64, kisha gawanyeni kwa 100. Je, maji bado yatafika tangini kwa mapigo 40?

3. Je, kuna saa ambazo pampu yenu inahitaji kwenda polepole? Kama hakuna, draivu mtainunulia kazi gani?