Hotuba ya Mwenyekiti Mbele ya Wenye Kahawa

Hotuba ya mwenyekiti wa chama cha msingi katika mkutano mkuu wa mwaka husomwa mbele ya watu wa aina ya pekee: wasikilizaji ndio wenye mali. Mkulima aliyeketi kwenye benchi la shule au chini ya mti amekuja na stakabadhi zake mfukoni, na anajua alipeleka kilo ngapi, siku gani, na alilipwa kiasi gani cha awali. Asichokijua ni kilichotokea baada ya gunia lake kutoka ghalani. Hotuba ipo kwa ajili ya kipande hicho cha safari asichokiona.

Kwa utaratibu wa vyama vya ushirika nchini Tanzania, ambavyo leo vinaongozwa na Sheria ya mwaka 2013 chini ya usimamizi wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, hotuba haisimami peke yake. Mkutano hufunguliwa, ajenda hukubaliwa, muhtasari wa mkutano uliopita husomwa na kuthibitishwa, kisha huja yatokanayo. Baada ya hapo ndipo bodi hutoa taarifa ya mwaka, mahesabu yaliyokaguliwa husomwa, na wanachama hupitisha makisio na ukomo wa madeni wa msimu ujao. Mwenyekiti anayesoma taarifa nzuri kisha mkaguzi akasoma tofauti hupoteza mkutano kabla ya saa sita mchana. Ndiyo maana hotuba makini huandikwa baada ya ripoti ya ukaguzi kufika, na kama mahesabu hayajakaguliwa, husema hivyo katika sentensi zake za mwanzo.

Ukweli wa hotuba ya namna hii unaeleweka vizuri zaidi kwa mfano. Tuchukue chama cha msingi cha kahawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Tarakimu zake zimetungwa kwa ajili ya maelezo, lakini mwendo wake ni ule ule wa vyama halisi. Msimu ule chama kilipokea kilo 60,000 za kahawa ya maganda, yaani punje zilizomenywa, zikaoshwa na kukaushwa, lakini bado zimevaa ganda lake jembamba. Wakulima walilipwa malipo ya awali ya shilingi 4,000 kwa kilo, jumla shilingi milioni 240, kwa fedha za mkopo wa benki. Kahawa ikapelekwa kukobolewa, ikauzwa mnadani, na wanachama wakasubiri malipo ya pili.

Kwa kawaida kilo 100 za kahawa ya maganda iliyokauka vizuri hutoa takribani kilo 80 za kahawa safi. Kwa hiyo bodi ilitarajia kilo 48,000. Kiwandani zikatoka 45,600. Bei ya mnada ilikuwa wastani wa shilingi 7,000 kwa kilo, kama ilivyokisiwa, na mapato yakawa shilingi milioni 319.2 badala ya milioni 336. Ukiondoa malipo ya awali, kisha milioni 36 za usafiri, ukoboaji, magunia na tozo, milioni 14 za riba na milioni 22 za uendeshaji wa chama, zinabaki milioni 7.2. Kabla hata ya kutenga akiba, hizo ni shilingi 120 kwa kila kilo iliyoletwa. Kama kahawa ingetoka kama ilivyotarajiwa, zingekuwa shilingi 400.

Hapo ndipo hotuba inapopimwa. Tarakimu ya kwanza ambayo mwanachama anapaswa kuisikia si milioni 319.2, ambayo ni kubwa na tamu masikioni, bali 120 dhidi ya 400. Mamilioni ya chama hayamwambii mkulima kitu. Kilo moja inamwambia kila kitu, kwa sababu anaweza kuizidisha kwa stakabadhi zake palepale alipoketi. Mwenye kilo 150 anajua mara moja kwamba anapata shilingi 18,000 mahali alipotarajia 60,000. Kelele zitatokea, na ni afadhali zitokee mwanzoni, mwenyekiti akiwa bado na nafasi ya kueleza, kuliko zitokee mwishoni wakati watu wanainuka.

Baada ya tarakimu huja sababu, na hapa lugha yenyewe ni mtego. Kiswahili kina vitenzi vinavyoeleza tukio bila kumtaja mtendaji: fedha zimepotea, uzito umepungua, hasara imejitokeza. Vyote ni Kiswahili fasaha, na vyote vinaweza kumficha mtu nyuma ya mlango. Kuna pia neno changamoto, ambalo katika taarifa za mikutano limebebeshwa kila mzigo, kuanzia mvua hadi wizi. Msikilizaji anayetaka kujua kama anaambiwa kweli na ahesabu ni mara ngapi hotuba inasema bodi iliamua, na ni mara ngapi inasema mambo yalitokea.

Katika mfano wetu, uzito haukupungua wenyewe. Kahawa ya maganda inapaswa kupokelewa ikiwa na unyevu usiozidi asilimia 12 hivi. Sehemu kubwa ya mavuno ya msimu huo iliingia wakati wa mvua za vuli, jua lilikuwa haba vichanjani, na kipima unyevu cha chama kilikuwa kimeharibika. Bodi ilikuwa na njia mbili: kusimamisha mapokezi hadi kifaa kitengenezwe, au kuendelea kupokea kwa kukadiria kwa jicho na kwa jino. Mpokeaji mzoefu akiing'ata punje hujua mengi, maana iliyokauka ni ngumu na iliyo mbichi huacha alama ya jino, lakini jino halitofautishi asilimia 12 na 16 jioni ya siku yenye foleni ndefu. Bodi ikachagua kuendelea, kwa kuhofia kwamba wakulima wangeuza kwa wachuuzi. Wastani wa unyevu ukawa kama asilimia 16. Kahawa ilipokauka, kilo 60,000 zikawa takribani 57,000, na asilimia 80 ya hizo ni zile 45,600 zilizotoka kiwandani. Kilo 3,000 zilizobaki zilikuwa maji. Chama kilinunua maji kwa bei ya kahawa, na kwa malipo ya awali peke yake yaligharimu shilingi milioni 12.

Maelezo haya yana uchungu wa pande mbili, na hotuba isiyogusa upande wa pili bado haijakamilika. Waliolipwa kwa maji hayo ni baadhi ya wanachama wenyewe. Aliyekausha siku zake zote na aliyeleta kahawa mbichi walilipwa sawa kwa kilo, na sasa wanagawana hasara sawa. Mwenyekiti mwenye hekima hawataji watu, kwa kuwa bila kipimo hakuna ushahidi dhidi ya yeyote, lakini halifichi jambo lenyewe. Hutanguliza uamuzi wa bodi, kisha husema lililofanyika mizanini. Akigeuza mpangilio huo, akaanza na wakulima, mkutano utasikia kiongozi anayejivua lawama, na utakuwa umesikia sawasawa.

Ripoti ya mkaguzi nayo husomwa jinsi ilivyo. Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, linalojulikana kwa kifupi chake COASCO, huambatanisha maoni yake pamoja na hoja zinazotakiwa kujibiwa. Chama kinaweza kupata hati inayoridhisha na bado kikawa na hasara, kwa sababu hati hiyo hueleza kama mahesabu yanaonyesha hali halisi, si kama hali hiyo ni njema. Kuitaja hati hiyo kama cheti cha kazi nzuri ni udanganyifu wa kawaida mno, na mara nyingi hata msomaji wa hotuba hajui kwamba anadanganya.

Wakulima wa Tanzania wana sababu ya kihistoria ya kusikiliza kwa shaka. Wachaga walianza kuuza kahawa yao kwa pamoja kupitia chama kilichoundwa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikaja chama kikuu cha KNCU. Baada ya uhuru vyama viliongezeka haraka kuliko watu wa kuviendesha, malalamiko yakawa mengi, na mwaka 1966 serikali ikaunda kamati maalumu ya kuvichunguza. Miongoni mwa kasoro ilizoziona ni kwamba wanachama wengi hawakuelewa shughuli za vyama vyao kiasi cha kuweza kuwabana viongozi. Muongo mmoja baadaye, mwaka 1976, vyama vikuu vilivunjwa kwa amri ya serikali, na sheria ya kuvirejesha haikuja hadi mwaka 1982. Bibi na babu waliopitia miaka hiyo bado wanahudhuria mikutano mikuu, na hawahitaji kukumbushwa.

Ombi la kuendelea kuaminiwa huja baada ya yote hayo, na lenyewe lina hesabu yake. Milioni 22 za uendeshaji, yaani mshahara wa karani, mlinzi, ghala na vikao, hazipungui kwa sababu kahawa imepungua. Zikigawanywa kwa kilo 60,000, kila kilo inabeba shilingi 367 hivi. Iwapo theluthi moja ya wanachama wataudhika na kuuzia wachuuzi msimu ujao, kilo zikabaki 40,000, kila kilo itabeba 550, na malipo ya pili ya waliobaki yatazidi kusinyaa. Mwenyekiti ana haki ya kulisema hili, mradi alitoe kama hesabu na asilitoe kama kitisho. Mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa mwezi Januari hauzi nje kwa kukosa uzalendo; anauza kwa sababu mchuuzi anamlipa leo.

Kwa hiyo ombi lenye uzito huwekewa vitu vinavyoweza kuhakikishwa. Katika chama cha mfano wetu ni vitatu: vipima unyevu viwili vinunuliwe kabla mapokezi hayajafunguliwa, ili kimoja kikiharibika kingine kiendelee, kiwango cha unyevu kiandikwe kwenye stakabadhi ya kila mkulima pamoja na uzito, na kila baada ya wiki mbili karani abandike kwenye ubao wa ghala kilo zilizopokelewa, zilizokobolewa na zilizouzwa. Upande wao, wanachama wanaombwa kukubali kahawa yenye unyevu wa asilimia 16 irudishwe nyumbani ikaanikwe tena, hata kama imeletwa na jirani, shemeji au mjumbe wa bodi. Sharti hilo la mwisho ndilo huzua mjadala mrefu kuliko yote, na mwenyekiti anayejua kazi yake huuacha uendelee.

Maazimio hupigiwa kura, na katibu huyaandika kwenye muhtasari yakiwa na tarehe za utekelezaji. Mwaka ujao, kabla mwenyekiti hajapewa nafasi ya kusoma taarifa nyingine yoyote, yatasomwa kwenye kipengele cha yatokanayo, moja baada ya jingine.